Leseni ya uuguzi: nitajuaje kama nimeiva kweli, au nimezoea notsi tu?

Binti Kilosa
Wakuu habari za jioni. Nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga, sasa najiandaa na mtihani wa leseni. Notsi zangu nimezisoma mpaka najua mada gani iko ukurasa upi na niliipaka rangi gani. Nikifungua kifafa cha mimba, kila mstari ninaoupitia moyo unaitikia "hii naijua", nafunga daftari nimeridhika.

Juzi tunapika, mwenzangu ninayekaa naye akaniuliza tu juu juu: mama aliyepewa magnesiamu ikamzidi, kinaanza kupotea nini? Nikabaki namung'unya. Jibu liko kwenye notsi zile zile, naliona kabisa lipo chini ya mchoro upande wa kushoto, ila lenyewe halitoki. Baadaye nilipofungua daftari nikasema "aah, si ndiyo hii!"

Sasa naomba kuuliza wenye uzoefu: mtu anajuaje kwamba yuko tayari kabla mtihani haujamwambia? Nirudie notsi tena au kuna namna nyingine?

Chapa Kazi
Mdogo wangu usijitese. Tafuta past pepa, zipige zote, ukimaliza rudia tena. Maswali yanajirudia mno, wanabadilisha jina la mgonjwa tu. Mimi nilifanya hivyo, mara ya mwisho kuzirudia nilikuwa nasoma nusu ya swali jibu nishaliona. Ukifika hapo umeiva, nenda kalale.

Baba Nasri
Pole binti. Kusahau jikoni ni dalili ya uchovu na mawazo. Mwanangu alikuwa hivyo hivyo, tukampa samaki na matunda, tukamkataza simu usiku. Punguza kusoma usiku, mwili ukipumzika kichwa kinafunguka. Presha umepima?

Binti Kilosa
Asante Baba Nasri, presha iko sawa, na usiku nalala. Sidhani kama ni kusahau, maana nikiuona mstari naukumbuka wote. Ninachoshindwa ni kuutoa mwenyewe.

Mkunga wa Zamu
Hapo mwishoni umejijibu, mdogo wangu. Kuutambua mstari ukiuona ni kazi moja, kuutoa ukiwa mikono mitupu ni kazi nyingine, na kusoma tena kunakufanyisha ile ya kwanza tu. Kila ukirudia, macho yanateleza haraka zaidi, na ule wepesi ndio unaoutafsiri kuwa umejua. Kumbe ulichozoea ni ukurasa: rangi, mchoro, upande wa kushoto. Wodini hakuna ukurasa.

Chapa Kazi ana nusu ya jambo. Past pepa ni nzuri mara ya kwanza unapoikuta. Ukiirudia ukaanza kuona jibu kabla hujamaliza swali, ile pepa imeshageuka kuwa notsi, haikupimi tena.

Mimi nakaa na wanafunzi wa mazoezi miaka mingi, na ninachowafanyisha ni hiki. Unasoma mada leo, unaiacha. Usijipime hapo hapo, kwa sababu dakika tano baada ya kufunga daftari kila kitu bado kinaelea kichwani na utajiona bingwa. Subiri hadi kesho. Kesho, kabla ya kugusa daftari, chukua karatasi tupu na uandike kichwa cha mada tu. Chini yake andika utabiri: "nikisahihishwa kwa kumi nitapata ngapi". Halafu andika yote unayoyajua, na pembeni ya kila jambo weka alama: nina hakika, au nabahatisha. Ukikwama usichungulie, acha nafasi uendelee. Daftari linafunguliwa mwisho, na kalamu ya rangi nyingine.

Ule utabiri usiuruke. Ndio unaokuonyesha kama kipimo chako cha ndani kinasema kweli. Anayetabiri nne akapata nne bado ana kazi ya kusoma, lakini hanitishi. Anayetabiri tisa akapata tano ndiye ninayemfuata nyuma wodini.

Tufanye sasa hivi, hapa hapa. Funga daftari. Mada: magnesiamu kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Weka utabiri kwanza.

Binti Kilosa
Haya sista. Natabiri 9 kwa 10, maana hii nimeisoma sana.

Dozi ya kuanzia gramu 14: gramu 4 mshipani taratibu, gramu 10 msulini, yaani 5 kila tako, na lignokeini kidogo kupunguza maumivu. Baada ya hapo gramu 5 msulini kila saa 4, unabadilisha tako, hadi saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho. (Nina hakika.)

Kabla ya kila dozi naangalia kupumua, refleksi ya goti na mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. (Nina hakika.)

Ikizidi, natoa kalsiamu glukoneti. (Nina hakika.)

Sijachungulia, wallahi.

Chapa Kazi
Huyu si ameiva tayari? Mnamtafutia nini zaidi.

Mkunga wa Zamu
Ulichoandika ni sahihi, na kwa usahihishaji wa huruma ningekupa hiyo tisa. Sasa niache nikusahihishe kama wodi inavyosahihisha. Jibu bila daftari:

1. Ampuli uliyopewa ina mililita 10 na imeandikwa 50%. Gramu 4 za mshipani zinatakiwa ziwe 20%. Unavuta mililita ngapi za dawa, na maji mililita ngapi?

2. Saa nne zimepita tangu dozi iliyopita. Mama anapumua mara 18 kwa dakika, goti likigongwa linaruka, mfuko wa mkojo ulimwagwa wakati wa dozi ile na sasa una mililita 90. Unachoma?

3. Mama mwingine, kila kitu safi, mkojo mwingi, goti linaruka, ila anapumua mara 14. Unachoma?

Binti Kilosa
1. Hapa... najua inachanganywa na maji, notsi zina namba mbili zimekaa pamoja, sizikumbuki. Nabahatisha 4 na 16.
2. Nachoma, 90 ni zaidi ya 30. Nina hakika.
3. Nachoma, kwa sababu 14 ni upumuaji wa kawaida wa mtu mzima. Nina hakika nusu.

Mkunga wa Zamu
Yote matatu yamekwenda, na ninafurahi yameendea hapa.

La kwanza. 50% maana yake gramu 50 ndani ya mililita 100, kwa hiyo ampuli yako ya mililita 10 ina gramu 5. Gramu 4 ni mililita 8. Ukitaka gramu 4 ziwe 20% zinahitaji kukaa kwenye mililita 20, basi unaongeza maji mililita 12. Namba mbili zilizokaa pamoja ni 8 na 12. Kwa 4 zako ungempa mama gramu 2, nusu ya dozi, na degedege lingeendelea huku ukiamini ameshapata dawa. Lakini angalia, uliandika "nabahatisha". Kosa la namna hiyo halinitishi, kwa sababu mtu anayejua anabahatisha atamwita mwenzake ahakiki kabla ya kusukuma sindano.

La pili ndilo linalonitisha. Kanuni umeiandika mwenyewe hapo juu: mililita 30 kwa saa. Zimepita saa nne. Gawa 90 kwa 4 upate 22 na nusu. Mkojo hautoshi, na dawa hii inatoka mwilini kwa figo. Dozi inasubiri. Wewe uliandika kanuni kwa hakika, ukaivunja kwa hakika ile ile. Kwenye notsi mstari ule unapita laini kwa sababu hakuna mfuko wenye 90 ndani yake.

La tatu: kwa magnesiamu tunataka angalau 16. Uliandika "naangalia kupumua" ukajipa maksi, lakini kuangalia bila namba ni kutazama tu. Ukiona neno tupu kwenye karatasi yako, jiulize hapo hapo: ngapi? lini? nikikuta kinyume nafanya nini? Jibu lisipokuja, hiyo maksi huna.

Na lile la jikoni: refleksi ya goti hupotea kwanza, kupumua hufuata, moyo mwisho. Ndiyo maana tunagonga goti, linatupa onyo kabla ya pumzi. Pumzi ikishasimama, unamsaidia kupumua kwa mfuko na kumpa kalsiamu glukoneti gramu 1 mshipani taratibu, ambayo ni mililita 10 za ile ya 10%.

Binti Kilosa
Sista nimeishiwa maneno. Ile 90 nilikuwa naiona sahihi kabisa.

Wa Nakuru
Niongeze kidogo kutoka Kenya. Hospitali niliyofanyia mazoezi walikuwa wanatumia ya mshipani pekee, gramu 4 kisha gramu 1 kila saa, kwa hivyo mtu akisoma huu uzi asishangae akikuta namba tofauti. Ushauri wangu: jipime kwa mwongozo ule utakaotahiniwa nao. Mimi nilikuwa na karatasi mbili za shule mbili na nikajichanganya.

Halafu jambo lingine. Usijisahihishe pekee yako. Sisi tulikuwa wawili, kila mtu anasahihisha ya mwenzake. Ukijisahihisha unajihurumia, unasema "nilimaanisha hivyo hivyo". Mwenzako haoni ulichomaanisha, anaona ulichoandika.

Fundi wa Ilala
Mimi si wa huko kwenye sindano, ni wa nyaya, lakini uzi umenigusa. Vijana wanakuja kwangu wamekesha na video za swichi za ngazini, ile taa moja unaiwasha chini unaizimia juu. Wanakuelezea vizuri mpaka unasikia raha. Unampa swichi mbili, kila moja ina vituo vitatu, unamwambia funga. Moto wa kuingia anauweka pale panapotakiwa nyaya za kusafiria. Ndiyo maana nasema vitabu vinadanganya, mikono haidanganyi.

Mkunga wa Zamu
Fundi, mikono nayo inadanganya. Wape kazi hiyo hiyo kwa nyaya zote za rangi moja uone. Wapo wanafunzi wangu wanaochanganya dawa vizuri kila siku kwa sababu ampuli ni ile ile na mtu aliyewatangulia ameacha alama kwenye bomba. Siku inakuja ampuli yenye ujazo mwingine, wanavuta mililita 8 zile zile.

Fundi wa Ilala
Hahaha, hapo umenibana sista. Nitawajaribu Jumatatu.

Mzee wa Chaki
Nilifundisha sekondari hadi nikastaafu, naomba nichangie. Kuna jaribio maarufu la Karpicke na Roediger, lilitoka mwaka 2008 katika jarida la Science, na cha kufurahisha ni kwamba lilitumia Kiswahili. Wanafunzi wa chuo Marekani, wasiokijua, walipewa maneno 40 na maana zake kwa Kiingereza, "mashua" likiwemo. Wote walifika mahali ambapo kila neno walishalipata sawa angalau mara moja. Tofauti ilikuwa baada ya hapo: kuna walioendelea kuulizwa hata maneno waliyokwishayapata, na kuna ambao neno wakilipata halikuulizwa tena, ingawa baadhi yao waliendelea kulisoma.

Baada ya wiki moja, walioendelea kuulizwa walikumbuka kama asilimia 80. Walioacha kuulizwa walikumbuka kama theluthi hivi, na kuendelea kusoma hakukuwasaidia kitu cha maana. Ila kinachohusu swali la binti ni hiki: siku ya kujifunza waliombwa kutabiri watakumbuka kiasi gani, na makundi yote yalitabiri karibu sawa, kama nusu. Waliokuwa wanaelekea 80 na waliokuwa wanaelekea 33 walijisikia namna moja. Kwa hiyo "najisikia nimeiva" haina habari ndani yake.

Chapa Kazi
Mzee heshima yako, lakini hayo ni maneno, huu ni mtihani wa kuchagua. Majibu manne yako mezani, kazi yangu ni kulitambua moja. Sasa kama mtihani wenyewe unataka kutambua, kwa nini nijitese na karatasi tupu? Si nifanye mazoezi ya kutambua?

Mkunga wa Zamu
Hoja yako ina uzito, sikukatalii yote. Lakini mtungaji wa maswali ya kuchagua anaijua tabia hiyo vizuri. Kwenye lile swali la mkojo, "endelea na dozi, mkojo unazidi mililita 30" litakuwa chaguo A, limekaa vizuri kabisa, linafanana na notsi zako. Anayetambua tu analichukua na kuhamia swali lijalo na tabasamu.

Fanya hivi: funika machaguo kwa kiganja, soma swali, sema jibu lako, halafu funua. Kama jibu lako halimo, hesabu umekosa hata ukilitambua la kweli baadaye. Na past pepa ulizokwishazizoea, zigeuze. Mfano ile ya dripu: lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. Kila mtu anajua jibu ni matone 42 kwa dakika, wengine hawaoni hata hesabu. Igeuze: umekuta dripu inakwenda matone 42 kwa seti ile ile, zimebaki mililita 500, itaisha baada ya muda gani? Kanuni ni moja, ila sasa unatakiwa uielewe. Mililita 500 ni matone 10,000, gawa kwa 42, unapata dakika kama 238, karibu saa 4. Anayeijua kweli anafika. Aliyezoea "42" anakwama mlangoni.

Na changanya mada. Ukifanya maswali ishirini ya dripu mfululizo, baada ya la pili husomi tena swali, unajaza namba. Mtihani haukuambii hili ni la dripu, hili ni la kuchanganya dawa.

Chapa Kazi
La kufunika kwa kiganja nakubali. La kuhesabu nimekosa wakati chaguo sahihi nimelishika, hapana. Maksi ni maksi.

Mkunga wa Zamu
Kwenye mtihani, sawa. Kwenye kujipima unatafuta kujua, huhesabu za kuchukua nyumbani.

Wa Nakuru
Mimi niko katikati. Ukihesabu kila kitu ni kosa, unavunjika moyo unaacha kujipima kabisa. Nimeona hiyo kwa classmate wetu, alirudi kwa notsi akajisikia poa, basi.

Binti Kilosa
Leo asubuhi nimefanya mada nyingine, kutokwa damu baada ya kujifungua. Nilisoma jana mchana, sijagusa tena. Nikatabiri 6, nikampa mwenzangu asahihishe na nikamwambia asinihurumie. Nimepata 5. Visababishi vinne vimetoka vyote: mfuko wa uzazi kulegea, kuchanika, mabaki ya kondo, damu kutoganda. Oksitosini yuniti 10 msulini baada ya mtoto kutoka, nimeipata, nikaandika ndani ya dakika moja. Nilikokwama ni "nafanya nini nikiwa peke yangu zamu ya usiku damu ikamwagika". Nimeorodhesha mambo yote ila hayana mpangilio, la kuita msaada nimeliweka la tano.

Swali langu sasa: mada nikiipata vizuri, naiacha lini? Nikizirudia zote kwa karatasi tupu muda hautoshi.

Mzee wa Chaki
Kwa jaribio nililotaja, kosa lilikuwa kuacha kuuliza baada ya kupata mara moja. Mimi ningesema usiiache kabisa. Irudishe mara kwa mara mpaka siku ya mtihani.

Mkunga wa Zamu
Mzee, kwenye maneno 40 hilo linawezekana. Huyu ana wodi nzima kichwani. Ninavyofanya na wangu: mada ikitoka sawa siku mbili zisizofuatana, na utabiri ukakaa karibu na maksi, naihamishia kwenye fungu la kuulizwa kwa kushtukiza, swali moja moja likichanganywa na mengine. Ikianguka huko, inarudi kwenye karatasi. Zile za "nina hakika" zilizokosewa hazihami fungu hata kidogo, naziuliza kila siku.

Mzee wa Chaki
Siku mbili ni chache. Nimeona watoto wakipata mara mbili Machi, Oktoba hawana kitu.

Mkunga wa Zamu
Ndiyo maana ya kushtukiza. Lakini kama mtihani wake ungekuwa mbali kiasi hicho, ningeongeza.

Baba Nasri
Nimesoma uzi wote, kumbe sikuelewa swali mwanzoni. Mke wangu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nimemuuliza lile la mililita 90 naye akasema "choma". Nimemwonyesha hesabu, sasa ananiuliza mimi nimeyajulia wapi.

Wa Nakuru
😂 Binti, hilo la kuwa peke yako usiku usiliandike kwenye karatasi. Lala chini mmoja awe mama, mwingine afanye, sauti juu, saa mkononi. Kuita msaada kutahamia namba moja kwenyewe.

Binti Kilosa
Tunajaribu kesho jioni, mwenzangu ameshasema yeye ndiye mama. Sista, naomba uniandalie maswali matatu mengine ya magnesiamu, ila usiniambie siku utakayoyaleta.

Mkunga wa Zamu
Moja lichukue sasa, lishakuiva mdomoni au bado? Dakika 20 baada ya dozi ya kuanzia, yote 14 imeingia, mama anapata degedege tena. Unampa nini, kiasi gani, kwa asilimia ngapi, mililita ngapi? Andika utabiri kwanza. Na Chapa Kazi naye ajibu, kiganja juu ya machaguo.